Tairi lenye meno mazuri lililopasuka: kisa cha taksi ya Pakwach–Arua

Hiki ni kisa cha taksi moja tu, Hiace ya kawaida, inayopiga ruti ya Pakwach kwenda Arua kupitia Nebbi. Wasomaji wa Nairobi na Dar, huku Uganda taksi ndio hiyo mnayoiita matatu au daladala, abiria 14. Mimi nina gereji ya matairi Arua na hili gari limepita mikononi mwangu mara mbili, kabla na baada, ndio maana naweza kulieleza mpaka ndani. Mwenye gari amekubali niandike, majina nimeyaacha.

Nataka kulieleza kirefu kwa sababu hii taksi ilishikwa na trafiki kwa matairi yaliyoisha, mwenye gari akatii, akatoa pesa akanunua matairi yenye meno marefu kabisa, halafu ni hilo hilo tairi lenye meno marefu ndilo lililopasuka barabarani na watu wakaumia. Watu wengi stejini wakasema basi ile faini ilikuwa ya bure, si unaona, ameweka mazuri na bado. Mimi nasema hapana, faini ilikuwa ya haki kabisa, ila kile kilichorekebishwa kilikuwa nusu tu ya kosa.

Tuanze na siku ya kizuizi. Ilikuwa msimu wa mvua, taksi imetoka Pakwach imejaa, karibu na Nebbi afande akaisimamisha. Hakuanza na leseni, alizunguka nyuma moja kwa moja akainama akapitisha kidole kwenye tairi. Ya nyuma yote mawili yalikuwa kipara katikati, laini kama unavyoliona kwenye magari mengi tu, na la mbele kushoto lilikuwa limeliwa upande wa nje mpaka mistari imepotea. Akaandika tikiti ya EPS, ile ya faini ya papo hapo, kosa ni gari lililo katika hali mbaya ya kimakanika, ile wenyewe trafiki na madereva wanaiita DMC. Na akasema abiria washuke, gari halitaendelea nao hivyo.

Dereva alibishana. Maneno yake nimeyasikia kwake mwenyewe: "Afande, haya matairi yanashika vizuri, tangu asubuhi sijapata hata pancha moja, sijagonga mtu, kosa langu liko wapi?"

Swali lake si la kijinga, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Wanaona kosa la barabarani ni kitu umefanya, umepita kwa spidi, umeovateki kwenye kona, umegonga. Tairi kuisha kwao ni jambo la mwenye gari na mfuko wake. Lakini Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, ambayo ilifanyiwa marekebisho 2020, haisubiri ugonge. Kosa la DMC liko kwenye hali ya gari lenyewe likiwa barabarani, yani kulitoa gari ambalo hali yake inaweza kuhatarisha watu tayari ni kosa limekamilika, hata kama ulikuwa unaenda 30 na mikono yote kwenye usukani. Na haimshiki dereva peke yake, anayeliruhusu litoke naye yumo, kwa hiyo mwenye gari anayekaa Arua anapokea hesabu ya jioni hawezi kusema mimi sikuwepo.

Kwa nini sheria iende mbele ya ajali namna hiyo? Kwa sababu ya kitu ambacho dereva hawezi kukirekebisha kwa ujuzi wake, nacho ni maji. Hapa lazima nikubaliane na dereva kwa sehemu: kwenye lami kavu tairi kipara linashika, tena linaweza kushika vizuri sana, raba yote inagusa barabara. Ndio maana dereva anaweza kuendesha kipara wiki nyingi za kiangazi na akaamini kwa moyo safi kwamba hakuna shida. Hadanganyi. Anachokosa ni siku ya mvua.

Piga hesabu hii nami. Tuseme kuna maji milimita 2 juu ya lami, mvua ya kawaida tu ya mchana, na tairi lina upana wa sentimita 20 hivi, gari liko 80. Kwa mwendo huo unapita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kila tairi la mbele linakutana na karibu lita 9 za maji kwa sekunde moja. Jerikani ya lita 20 ingejaa kwa sekunde mbili na kidogo. Hayo maji lazima yaende mahali, la sivyo yanabaki katikati ya raba na lami. Mifereji ya tairi ndiyo njia yake. Tairi jipya lina kina cha milimita 8 hivi, na chukua kwa makadirio kwamba mifereji ni sehemu 3 kwa 10 za uso wa tairi, ukisambaza nafasi hiyo kwenye upana wote unapata nafasi ya maji ya milimita 2.4. Maji ni 2, nafasi ni 2.4, yanaingia na tairi linagusa lami. Sasa lete tairi la ile taksi, lenye milimita 1 iliyobaki pale palipo bora. Nafasi ni milimita 0.3. Yale mengine yote, milimita 1.7, lazima yasukumwe pembeni kwa nguvu ya uzito wa gari, na spidi ikiwa kubwa hayapati muda wa kuondoka, tairi linapanda juu yake na kuelea. Hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haina kazi, kwa sababu unafunga breki gurudumu lisilogusa barabara. Dereva awe na miaka 30 ya kazi, hana la kufanya mpaka tairi lirudi chini.

Ndio maana kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa gari ndogo ni milimita 1.6, na watengenezaji wenyewe wanakiweka ndani ya tairi. Angalia ndani ya mfereji, utakuta vituta vidogo vya raba vinavyokatisha mfereji, na ubavuni juu yake kuna herufi TWI au kijimshale cha kukuonyesha vilipo. Vile vituta vina urefu wa milimita 1.6. Uso wa tairi ukishuka mpaka ukalingana navyo, tairi limefika mwisho, huhitaji kubishana na mtu. Afande yule hakuhitaji kifaa chochote kwa sababu vituta vilikuwa vimeshaliwa vyenyewe. Na mimi naona 1.6 ni mwisho kabisa, si lengo, kwa mvua zetu za huku ningebadilisha likifika 3, ila hilo ni la kwangu, hakuna tikiti utakayoandikiwa kwa 3.

Kitu kingine kilichonikera siku gari lilipoletwa kwangu, lile la nyuma kulia lilikuwa limechongwa. Kuna watu wanachukua chuma cha moto wanachora mifereji mipya kwenye kipara ili trafiki akipita haraka aone mistari. Ukichonga hivyo hujarudisha raba, umeondoa ile kidogo iliyokuwa inafunika nyuzi za chuma. Kuna matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa kuchongwa tena, yana neno REGROOVABLE ubavuni, raba ya chini imewekwa nene kwa kazi hiyo. La taksi halina hilo neno. Nilipopitisha kucha kwenye mfereji mmoja niligusa waya.

Sasa tunafika kwenye sehemu yenyewe.

Nilimwambia mwenye gari anahitaji matairi manne ya 195R15C, mapya au hata yaliyotumika kidogo, lakini yawe hayo. Bei hakuipenda. Mimi sikuwa na yaliyotumika ya saizi hiyo wakati ule, akasema atatafuta. Akapata kwa muuzaji mwingine matairi manne yaliyotoka kwenye gari ndogo la familia, 205/70R15, meno milimita 7 yote manne, yanang'aa, bei nusu. Muuzaji akamwambia haya ni bora zaidi kwa sababu ni 205 na yako ni 195, upana zaidi nguvu zaidi. Yakaingia kwenye rimu bila shida, maana zote ni inchi 15. Taksi ikarudi barabarani, ikapita kizuizi kile kile cha Nebbi, meno yakaonekana mazuri, ikaruhusiwa.

Hiyo hoja ya upana imedanganya watu wengi na nataka niivunje vizuri. 205 ni upana wa tairi kwa milimita, basi. Haikuambii limejengwa kubeba nini. Kinachokuambia ni namba iliyo mbele kidogo, baada ya saizi. Kwenye yale ya gari ndogo iliandikwa 95S. S ni spidi, kilomita 180 kwa saa, hiyo iache, hakuna taksi inayofika huko. 95 ndiyo ya uzito, na si kilo 95, ni namba ya kwenye jedwali ambalo watengenezaji wote wanalitumia, na 95 kwenye jedwali ni kilo 690 kwa tairi moja. Kwenye lile sahihi la taksi ungekuta 195R15C 106/104S. Ile C mwishoni inasema ni tairi la gari la biashara, lina ubavu wenye nguvu zaidi. 106 ni kilo 950 likikaa peke yake upande mmoja, na 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili pamoja kama kwenye kanta. Hiace yetu nyuma ina moja kila upande kwa hiyo unasoma 106.

Tofauti ya 690 na 950 kwa tairi moja. Sasa tuipakie ile taksi kama ilivyokuwa siku iliyopasuka.

Gari tupu ni karibu kilo 1,900, na Hiace injini iko mbele chini ya viti kwa hiyo tupu uzito mwingi uko mbele, tuseme 1,050 mbele na 850 nyuma. Ndani walikuwa abiria 14, dereva na konda, watu 16, ukiwapa wastani wa kilo 65 kila mmoja ni 1,040. Viti vingi viko nyuma ya katikati, kwa hiyo kama 640 za watu zinaenda kwenye ekseli ya nyuma. Halafu samaki. Pakwach unajua ni samaki, wa kukaushwa wanaotoka Panyimur na kando ya ziwa Albert, na ile siku kulikuwa na magunia, mengine juu ya keria na mengine yamesukumwa nyuma kabisa chini ya kiti cha mwisho, jumla kama kilo 300. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hauishii kwenye uzito wake tu, unainua pua ya gari na kuongeza uzito nyuma. Mwisho wa hesabu nyuma unapata karibu 1,850, yani 925 kwa kila tairi la nyuma. Mbele inabaki 1,390, au 695 kila moja.

Haya ni makadirio, sikulipima gari kwenye mizani, lakini hata ukiyakosoa kwa kilo 50 huku na kule jibu halibadiliki. Tairi la C la 950 lingebeba hizo 925, limebanwa lakini ndani ya uwezo wake. Lile la 690 lilikuwa limezidishiwa kilo 235, ni theluthi nzima juu ya uwezo wake. Na hata ya mbele yalikuwa yamegusa mpaka wake. Kumbuka pia kwamba gari lenyewe lina kibati cha uzito wa juu, tairi zuri halikuruhusu kuzidisha gari, ila kwenye kisa hiki tairi ndilo lililokuwa dhaifu kuliko vyote.

Lilivyopasuka ni hivi. Mchana, jua kali, lami imeshapata moto, gari limeshapita Nebbi linakaribia nusu ya njia ya kwenda Arua. Dereva anasema alihisi nyuma inayumba kama upepo unapiga, akadhani ni upepo kweli, halafu mlio. La nyuma kushoto. Gari likavuta kushoto likatoka lami likaingia kwenye nyasi, halikupinduka, na hapo namsifu dereva kwa dhati maana hakukanyaga breki kwa nguvu, alishika usukani akaachia mafuta. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine michubuko. Pale barabara ingekuwa na kingo ya juu tungekuwa tunaandika kitu kingine.

Tairi lililetwa kwangu vipande vipande na la pili la nyuma likiwa zima, nikayafungua yote mawili juu ya benchi. Lililopasuka, uso wake wenye meno ulikuwa mzima, nilipima mfereji nikapata milimita 6 na zaidi. Ubavu ndio ulikuwa umeachana karibu duara zima, nyuzi zimechanika kama kitambaa. Lakini ushahidi mzuri zaidi ulikuwa kwenye lile ambalo halikupasuka. Nje lilikuwa tairi zuri. Ndani, raba laini ya ndani ilikuwa na mikunjo kuzunguka ubavu, na chini kumejaa unga mweusi wa raba, unaweza kuukusanya kwa kiganja. Huo unga ni ubavu wa tairi unajisaga wenyewe. Safari mbili tatu nyingine nalo lingeenda.

Kinachotokea ni kwamba tairi likibeba, pale chini linapogusa lami ubavu unabonyea, likizunguka linanyooka tena. Hili la 205/70R15 mzunguko wake ni kama mita 2.1, kwa 80 linabonyea na kunyooka zaidi ya mara 10 kila sekunde. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukunjua haraka mpaka kikatike, utakisikia kikipata moto pale kinapokunjwa, ubavu wa tairi ni hivyo hivyo. Kwa uzito wake wa halali linabonyea kidogo na joto linatoka kwa hewa inayopita. Ukiongeza theluthi ya uzito linabonyea zaidi, joto linaingia haraka kuliko linavyotoka, raba inaanza kuachana na nyuzi, na ukiongeza jua la mchana na mwendo mrefu bila kusimama inafika mahali nyuzi hazishikwi na kitu. Hakuna pancha, hakuna msumari, na meno yako pale pale.

Dereva alikuwa ameliona hilo kwa namna yake, aliona ya nyuma yanakaa kama yamelala, akaongeza upepo. Aliyajaza mpaka pauni 50. Nimeulizwa hili mara nyingi, si ukiongeza upepo unaongeza nguvu? Mpaka kiwango fulani ndiyo. Tairi la kawaida la gari ndogo linafikia uwezo wake wote, hizo 690, kwenye pauni 36 hivi. Baada ya hapo upepo unalifanya ligumu lakini hauongezi hata kilo moja kwenye kile lilichojengewa, na ubavuni kumeandikwa mwisho wa upepo wake ambao kwa mengi ni 44 au 51. Hili lilikuwa na 44, kwa hiyo hata kabla ya kupata moto lilishapitishwa, na likipata moto upepo wa ndani unapanda wenyewe. Tairi la C la 106 linafikia 950 yake kwenye pauni 65, limejengwa kwa hiyo kazi. Huwezi kugeuza moja kuwa lingine kwa pampu.

Halafu likaja suala la sheria kwa mara ya pili. Gari lilivutwa, mkaguzi wa magari wa polisi akaliangalia kama inavyofanyika baada ya ajali, na ripoti yake ndiyo inayokwenda kwenye faili. Mwenye gari alikuja na risiti mkononi. "Mzee," aliniambia, "mimi nilishikwa kwa vipara, nimetoa vipara, meno yako milimita 6, sasa wanataka nini tena?" Mkaguzi alimjibu kwa utulivu, na naona alimjibu sawa: hatuangalii meno peke yake, tunaangalia kama tairi linafaa gari hili na mzigo huu. Akamwonyesha 95 kwenye tairi, na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva ambacho Hiace nyingi bado zinacho, kimeandikwa saizi ya tairi na upepo wake. Tairi lisilo na uwezo wa kubeba gari ni hali ya hatari vile vile kama kipara, ni DMC ile ile. Mzigo uliozidi ni jambo lake lingine juu ya hilo.

Mimi hapo nipo upande wa mkaguzi, lakini nasikitika kwa mwenye gari kwa sababu kizuizini hakuna aliyemsomea namba. Afande alipitisha kidole kwenye meno, siku ya pili akapitisha kidole kwenye meno tena akaruhusu. Kipara kinaonekana kutoka mita tano, namba ya uzito lazima upige goti, ufute matope, usome. Ikiwa trafiki wetu wangeongeza hicho kitu kimoja kwa taksi, kutafuta ile C na ile namba ya tarakimu tatu, ingechukua sekunde 10 kwa gari na hiki kisa kisingetokea. Naomba afande yeyote anayesoma aijaribu.

Na bima nayo ikaingia. Ile ya lazima ya mtu wa tatu iko kwa ajili ya walioumizwa, lakini mwenye gari alikuwa pia na ile kubwa kwa ajili ya gari lake, na sera nyingi za hiyo zina sharti kwamba gari liwe katika hali ya kufaa barabarani. Ripoti ya mkaguzi ikisema matairi hayakufaa, unaanza mazungumzo na kampuni ukiwa tayari umeshindwa. Hili la kwake bado halijaisha wakati naandika.

Kama unamiliki taksi, au unapanda ukiwa na dakika moja kabla haijajaa, kuangalia si kazi kubwa. Tafuta saizi kwenye ubavu, angalia kama ina C mwishoni, soma namba inayofuata. Kwa Hiace ya abiria 14 ukikuta 106 au 107 uko sawa, 107 ni kilo 975, kuna saizi za Kijapani zinazoandikwa hivyo zikiwa na LT badala ya C. Ukikuta tarakimu mbili, 91, 94, 95, hilo ni la gari ndogo, na usikubali kuambiwa habari ya upana. Angalia yote manne, maana mara nyingi mbele kuna C na nyuma, kwenye uzito, ndiko yamewekwa ya bei nafuu. Kisha vituta vya TWI, upime mahali palipoliwa zaidi na si mahali pazuri. Na soma namba nne za mwisho kwenye mstari wa herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe tairi lilipotengenezwa, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, tairi la namna hiyo hata likiwa na meno yote raba yake imeshakauka, utaona nyufa ndogo ubavuni ukilibonyeza.

Tairi lililoliwa lina habari zake pia. Ile ya kwanza ya nyuma ilikuwa kipara katikati, ni upepo mwingi wakati gari linaenda tupu. Ile ya mbele kushoto kuliwa upande mmoja ilikuwa alainimenti, na kweli tulikuta mkono wa chini una bushi imekufa. Kama hukurekebisha hiyo, tairi jipya la C nalo linaliwa vile vile ndani ya miezi michache na unarudi kwa afande yule yule.

Mwenye gari sasa ameweka 195R15C manne, mawili mapya nyuma na mawili yaliyotumika mbele, bushi imebadilishwa, upepo tumeuweka kwa kufuata kibandiko cha mlangoni na konda amenunua geji yake mwenyewe. Magunia ya samaki amepunguza, mengine yanapanda lori. Yale matatu yaliyobaki ya 95 alitaka kuyauza kwa mtu mwenye gari ndogo, na kwa gari ndogo saizi ni halali, lakini yalishabeba mzigo usio wake na ule unga wa ndani niliukuta kwenye la nyuma na kidogo kwenye mojawapo ya mbele. Uharibifu wa namna hiyo haurudi nyuma kwa kupunguziwa mzigo. Tumeyakata ubavu yote matatu. Kwenye spea nako tulikuta 185 ya gari ndogo, kipara nusu, hiyo aliisahau kila mtu, nayo tumeitoa.